Uzoefu wangu na Campaign URL Builder kwa linki za YouTube

Ukurasa huu wa bure wa Google una kazi moja: unaibandika linki yako alama, ili Google Analytics ijue mgeni wa duka katoka wapi. Bila alama, mtu anayebonyeza linki ndani ya programu ya YouTube mara nyingi huonekana kwenye ripoti kama `(direct) / (none)`, sawa na aliyeandika anwani ya duka kwa mkono.

Kwa video moja ya viatu vya mvua natengeneza linki mbili, ya maelezo na ya komenti iliyobandikwa juu. Ya kwanza huwa hivi:

```
https://duka.example/viatu?utm_source=youtube&utm_medium=video&utm_campaign=viatu_mvua&utm_content=maelezo
```

Ya pili inatofautiana mwishoni tu: `utm_content=komenti`. Linki ya maelezo iwe mstari wa kwanza kabisa, maana mistari ya chini hufichwa mpaka mtu aifungue, na wengi hawaifungui.

Kinachoniudhi ni kwamba ukurasa huu haukagui ulivyoandika alama wala hautunzi linki zako. Ukiandika `YouTube` leo na `youtube` kesho, Analytics inahesabu vyanzo viwili, kwa hiyo naandika herufi ndogo tupu na kila linki naiweka kwenye jedwali langu. Anwani yenye `#` nayo ina mtego wake: alama zikikaa baada ya `#` huenda zisisomwe, bora zitangulie.

Hata hivyo, hitilafu kubwa hutokea dukani kwenyewe. Tovuti nyingi humhamisha mgeni, tuseme kutoka anwani isiyo na `www` kwenda yenye `www`, na baadhi yake njiani hukata kila kilicho baada ya `?`. Kuijua ni rahisi: bonyeza linki kwa simu, subiri ukurasa ufunguke, kisha tazama anwani juu. Kama `utm_source` imetoweka, mwambie anayesimamia tovuti arekebishe uhamisho huo. Ikiwa bado ipo, fungua ripoti ya Realtime uone kama umehesabiwa.

Matokeo nayasoma kwenye ripoti ya Traffic acquisition, nikichagua Session campaign, kisha naongeza Session manual ad content ili kutenganisha maelezo na komenti. Namba hiyo ni ya waliofika, siyo waliobonyeza. Mwenye mtandao mzito aliyefunga kabla ukurasa haujafunguka hayumo, wala aliyezuia vifuatiliaji kwenye kivinjari chake. Aliyetazama video leo akaja kulitafuta duka kwenye Google baadaye ataandikwa chini ya Google.

Kwa Shorts usijisumbue: tangu Agosti 31, 2023 linki za kwenye maelezo na komenti zake hazibonyezeki. Huko tumia kipengele cha Related video, umpeleke mtazamaji kwenye video ndefu yenye linki.