Uzoefu wangu: dada wa saiba Tudor aliyenitolea noti kwenye lekcha ya malaria

Nasomea mambo ya maabara hapa Mombasa, na kuna mwalimu wetu mmoja anajua kazi yake sana lakini akianza kuongea ni kama matatu ya Likoni, inapita kila kichochoro ndo ifike feri. Lekcha ya malaria nilirekodi kwa simu, saa moja na dakika hamsini, nikaipitisha kwa app inayogeuza sauti kuwa maandishi nikapata kurasa thelathini na kitu, hakuna aya, "okei, okei, so, yaani" kila mstari.

Mara ya kwanza nilipeleka kwa jamaa mwingine, shilingi mia tatu, siku hiyohiyo akanirudishia kurasa nne safi zinapendeza. Nikasoma nikafurahi. Shida nikaja kuiona tukiwa kwa diskasheni, noti zangu zinasema falsiparamu, aina moja ya vijidudu vya malaria, inapasua chembe za damu kila baada ya saa 72, na wenzangu wote wana 48.

Ndo nikaenda kwa huyu dada wa Tudor. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Sauti yenyewe iko wapi?" Nikamwambia maandishi si ninayo dada. Akasema bila sauti hashiki kazi, tena nimletee na kozi autilaini, na maandishi yawe na dakika pembeni. Nilikaa naye siku ya kwanza nikaona anavyofanya na kusema kweli hapo ndo nilielewa pesa yangu inaenda wapi.

Raundi ya kwanza hafuti kitu. Anasoma yote akiweka alama tu pembeni: hii ni hoja, hii ni kurudia, hii ni hadithi, hii amejisahihisha. Hiyo ya mwisho anaitafuta makusudi, kila pahali mwalimu amesema "sori" au "ngoja" au "nilisema". Na ndivyo alivyoipata ile 72. Dakika ya 31 mwalimu kasema falsiparamu ni 72, kisha dakika ya 58, katikati ya mambo ya neti, akasema sori, pale nilichanganya, 72 ni ya malariae, falsiparamu ni 48. Sasa app iliandika "72 is for malaria", maana "malariae", aina nyingine ya hivyo vijidudu, haikuijua, kwa hivyo ukisoma maandishi peke yake ile sentensi haina maana na yule jamaa wa kwanza aliifuta. Dada alisikiza sauti mara mbili, akaandika 48 kwenye noti na pembeni akaweka "58, amejisahihisha".

Kingine ni hadithi. Mwalimu alipoteza kama dakika saba akisimulia binamu yake dereva wa trela, alienda Ethiopia akarudi na malaria, akatibiwa akapona kabisa, miezi baadaye homa ikarudi na hajatoka hapa mjini. Hadithi ilikuwa kwa Kiswahili na app nilikuwa nimeiweka Kiingereza, kwa hivyo pale kwa maandishi ni takataka tupu. Jamaa wa kwanza aliruka. Dada akasikiza, akaniambia, "Mdogo wangu, hii si hadithi, hii ni mada yake." Na kweli, mwisho wa ile hadithi ndo mwalimu anaeleza kwamba aina za vivaksi na ovale zinaacha vijidudu vimelala kwenye ini, hipnozoiti, dawa ya kawaida ya malaria inasafisha damu lakini haivigusi, inabidi primakwini. Falsiparamu haina hiyo ya kulala, ikirudi ni mabaki ya kwenye damu au umeumwa na mbu upya. Binamu kabaki mstari mmoja kama mfano, mengine ya zile dakika saba yakaenda.

Raundi ya pili ndo anakusanya. Vivaksi ilitajwa pahali sita tofauti, zote zikaja chini ya kichwa kimoja, na kila hoja ina dakika yake mbele nikitaka kuhakikisha. Zile "okei" na "yaani" anazitoa mwisho kabisa, anasema ukianza na kufuta unafuta na masahihisho.

Kasoro zipo. Kuna pahali mwalimu anasema "mnaona hii inaingia hapa kisha inatoka huku", alikuwa anachora ubaoni, na hapo dada aliacha sanduku tupu na dakika 44, akaniambia nitafute picha kwa mwenzangu. Niliona bora hivyo kuliko ajibunie. Pia si wa haraka, siku tatu, na alinitoza mia nane, lekcha zenye hesabu nyingi hachukui. Nilipata kurasa sita na alama za kuuliza mbili, zote mbili nilimpelekea mwalimu ofisini na moja akaniambia hata yeye alikuwa amekosea.

Ukienda kwake beba sauti kwa flashi, ukimtumia kwa WhatsApp yenye saa mbili inachukua muda na bando inaisha.