Uzoefu wangu na huduma ya kutafsiri lebo za onyo za mashine kwenda Kiarabu

Nyota nne kati ya tano. Unapiga picha lebo zilizobandikwa kwenye mashine, unazituma, na watafsiri wanakurudishia jedwali: namba ya picha, neno kuu la onyo lililosomeka, rangi yake, sentensi iliyo chini yake, na Kiarabu chake. Mimi huandaa lebo mpya za mashine ambazo waendeshaji wake wanasoma Kiarabu, kwa hiyo nimewatumia mara nyingi vya kutosha kujua wanakofanya vizuri na wanakoteleza.

Kwanza niseme ninachotafuta kwao. Lebo nyingi za mashine hufuata mtindo wa kiwango cha Marekani, ANSI Z535.4, au cha kimataifa, ISO 3864-2, na neno lile kubwa la juu ni daraja la hatari. DANGER maana yake usipoepuka, mtu atakufa au ataumia vibaya. WARNING maana yake anaweza kufa au kuumia vibaya. CAUTION ni jeraha dogo au la wastani. NOTICE haihusu mwili kabisa, ni mambo kama kuharibika kwa mashine. Kwa Kiarabu, mpangilio ninaoutumia ni huu:

DANGER: خطر (khatar)
WARNING: تحذير (tahdhir)
CAUTION: تنبيه (tanbih)
NOTICE: إشعار (ishaar)

Sasa sisi wenye Kiswahili kinywani tuna mtego wetu. Khatar haisumbui, ni hatari yetu ileile. Lakini ukisikia tahdhir, sikio linakwenda moja kwa moja kwenye tahadhari, yaani kuwa mwangalifu tu, na unaona kama inafaa CAUTION. Ukisikia tanbih, unakumbuka tanbihi, ile ya chini ya ukurasa, na unaona kama ni NOTICE. Yote mawili yanakushusha ngazi moja. Mhakiki mmoja niliyefanya naye kazi alirudisha jedwali zima akidai watafsiri wameshusha madaraja, kumbe alikuwa akisoma Kiarabu kwa sikio la Kiswahili. Angeachiwa "asahihishe", lebo ya jeraha dogo ingebeba neno la sehemu inayoweza kuua.

Kazi iliyonifanya niwaamini ilikuwa ya presi ya haidroliki. Lebo ya kabati la umeme haikuwa na shida: herufi nyeupe juu ya nyekundu, DANGER, ikawa khatar. Ya bomba la moto nayo ilisomeka, CAUTION juu ya njano, ikawa tanbih. Shida ilikuwa lebo iliyo karibu na bamba linaloshuka. Sehemu ya juu ilikuwa imechubuka na kujaa mafuta, neno halisomeki, na kwenye picha rangi ilionekana njano. Mtafsiri mvivu angeandika tanbih na kuendelea. Huyu alirudisha swali: nipige picha tena mchana, nje ya mwanga wa taa, na karatasi nyeupe imeshikwa kando ya lebo.

Sababu ni kwamba taa nyingi za karakana zina mwanga wa manjano, na chini yake rangi ya chungwa na njano hukaribiana mno. Lebo iliyopigwa jua miaka mingi nayo huwa imepauka, hata isijulikane ilikuwa rangi gani. Karatasi nyeupe inakupa kipimo: ikionekana ya manjano kwenye picha, ujue kila kitu kimevutwa upande huo. Picha ya pili ilionyesha chungwa, ambayo ni rangi ya WARNING. Mabaki ya herufi yalikuwa meusi, kwa hiyo si DANGER wala NOTICE, maana hizo mbili hutumia herufi nyeupe, moja juu ya nyekundu na nyingine juu ya bluu. Na sentensi ya chini, iliyosalia nzima, ilisema sehemu inayosogea inaweza kuponda na kusababisha kifo. Kifo kinaiondoa CAUTION. Hiyo "inaweza" inaafikiana na WARNING. Jibu likawa tahdhir, na kwenye jedwali aliandika wazi kwamba neno limerudishwa kwa kufuata rangi na sentensi, halikusomwa. Maelezo hayo kwangu yana thamani kuliko tafsiri yenyewe, kwa sababu najua ni lebo gani niihakikishe kwa mtengenezaji kabla ya kuchapa.

Hawa jamaa wanaichunga pia hiyo "inaweza" ndani ya sentensi. Kwenye WARNING Kiarabu chao huja na قد يؤدي, huenda ikasababisha. Kwenye DANGER ile قد haipo, inakuja سيؤدي, itasababisha. Nimeona tafsiri za kwingine ambapo neno la juu ni khatar halafu sentensi inasema huenda. Hapo msomaji anabaki na lebo inayojipinga.

Malalamiko yangu ni mawili. Kundi moja la picha lilipitia kwa watafsiri wawili, na mmoja akatumia tahdhir kwa WARNING na kwa CAUTION pia. Kwenye Kiarabu cha kawaida hakuna atakayemlaumu, maana neno linaeleweka kote. Lakini mashine ile ilikuwa na daraja tatu, na kwa msomaji wa Kiarabu zikabaki mbili. Kuligundua ni rahisi: panga jedwali kwa safu ya neno la asili, uone kama kila neno lina mwenzake mmoja tu wa Kiarabu, na hakuna wawili wanaochangia. NOTICE nayo huwayumbisha, mara ishaar, mara ملاحظة (mulahadha). Yote yanakubalika, ila chagua moja, na wao hawachagui mpaka uwaambie.

La pili ni faili la kuchapa. Wanatuma picha iliyokamilika, ambayo ni sawa, pamoja na maandishi ya kunakili. Ukiyanakili kwenye programu ya lebo isiyojua maandishi ya kulia kwenda kushoto, herufi zinaachana na kujipanga kinyume. خطر inatoka kama ر ط خ, na asiyesoma Kiarabu ataona herufi za Kiarabu na kuridhika. Dalili ni nafasi: kwenye خطر iliyo sahihi herufi zote tatu zimeungana. Ukiona zimetengana, usichape. Wangeweza kuandika onyo hilo mstari mmoja juu ya faili, hawajafanya.

Jambo dogo nililolipenda: pembetatu yenye alama ya mshangao, ambayo kwenye lebo ya Kiingereza hukaa kushoto kwa neno, wao huihamishia kulia, jicho la msomaji wa Kiarabu linapoanzia. Kwenye NOTICE hawaiweki kabisa, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa pembetatu hiyo ni ya kuumia mtu. Mashine za zamani ndizo huleta utata hapa. Utakuta CAUTION bila pembetatu, na sentensi inazungumzia kichujio cha mafuta tu. Matoleo ya awali ya ANSI yaliruhusu hivyo kwa uharibifu wa mali, kazi ambayo sasa ni ya NOTICE. Nilipotuma ya namna hiyo waliniuliza kama nataka tanbih, kwa kufuata neno lililoandikwa, au ishaar, kwa kufuata maana. Nilichukua ishaar, na lebo mpya ikatoka ya bluu.

Ukiwatumia, tuma lebo nzima na pembe zake zote, si maandishi peke yake yaliyokatwa, na zima flashi kama lebo imefunikwa plastiki inayong'aa. Andika pia iko sehemu gani ya mashine.