Uzoefu wangu na Reduce Motion: ilinisaidia, ila haikuzuia mimweko

Nina kifafa kinachochochewa na mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka. Nilipopata iPhone, kabla ya kitu kingine chochote niliingia Settings, kisha Accessibility, kisha Motion, nikawasha Reduce Motion. Tofauti niliiona siku ileile. Programu ukiifungua haikurukii tena usoni, inajitokeza taratibu kwa kufifia. Kile kizunguzungu cha jioni kilipungua sana.

Nikadhani nimemaliza. Wiki ya pili, kwenye kundi la ujumbe, mtu alituma picha inayocheza ya jukwaa la muziki, GIF fupi tu, nyeupe na nyeusi zikipishana kama mara kumi kwa sekunde. Kope zikaanza kunicheza zenyewe, dalili ninayoijua vizuri. Nikaziba jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho tu hakutoshi, kwa sababu mwanga hupenya kwenye kope.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Reduce Motion hutuliza miondoko ya simu yenyewe. Kwa tovuti ni ombi tu, na hufanya kazi pale mtengenezaji alipoandika kwenye msimbo wake:

```
@media (prefers-reduced-motion: reduce)
```

Asipoandika, ukurasa unaendelea kuchezacheza kama kawaida. Na mimweko iliyo ndani ya GIF au video ni sehemu ya picha, ombi hilo haliigusi.

Kwa hiyo nilirudi kwenye ukurasa uleule wa Motion. Nikazima Auto-Play Animated Images, iliyokuja na iOS 17, na nikawasha Dim Flashing Lights, ya tangu iOS 16.4, ambayo hupunguza mwangaza wa video inapogundua mimweko inayojirudia. Hii ya pili inategemea programu inayochezesha video iwe inaikubali, na Apple wenyewe wanasema isitegemewe kama tiba.

Kupima sikutumia macho yangu, na nakuomba nawe usifanye hivyo. Mdogo wangu, ambaye hana tatizo hili, ndiye aliyeifungua ile picha huku mimi nimekaa nyuma ya simu. Kwenye Safari ilisimama tuli. Kwenye programu ya lile kundi iliendelea kuwaka vilevile. Tukachimba mipangilio ya programu hiyo hadi tukapata pa kuzuia picha zisijicheze zenyewe. Tangu hapo kila programu mpya anaikagua yeye kwanza.

Kwenye kompyuta natumia Firefox. Niliandika `about:config` kwenye sehemu ya anwani, nikatafuta `image.animation_mode`, nikabadilisha `normal` kuwa `none`. GIF zote zikaganda. Video haziguswi na badiliko hilo, kwa hizo niliingia kwenye mipangilio ya Autoplay nikachagua Block Audio and Video. Sasa video inasubiri niibonyeze, na nyingi siku hizi siibonyezi.