Tahadhari: muuzaji wa mpira wa maji anayekuja na fundi wake wa kubadilisha mfereji

Majirani wa Kasarani, Roysambu, Zimmerman na kwingineko Nairobi, kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya mitaa na seti ya mpira wa kumwagilia bustani. Ni mita 15, konekta "ya brasi", klipu mbili na bastola ya kunyunyizia, zote kwa shilingi 1,800, na unalipa mzigo ukifika. Mimi ni fundi wa mabomba, na nimeshaitwa kwenye nyumba kadhaa kurekebisha seti hiyo hiyo, kwa hivyo naeleza mchezo wenyewe ulivyo.

Kijana wa bodaboda anakuletea mpira, anaufunga mwenyewe kwenye mfereji, anafungua maji na hakuna hata tone linaloanguka. Unalipa, anaondoka. Jioni ukifunga bastola ili uhamie upande mwingine wa bustani, maji yanaanza kuchuruzika pale mpira unapokutana na mfereji. Ukimpigia muuzaji hakatai simu. Anakuambia kwa upole sana kwamba thredi za mfereji wako zimeisha, na bahati nzuri ana fundi yuko karibu. Fundi anafika na mfereji mpya tayari kwenye mkoba. Mteja wangu wa Roysambu alitozwa 2,500 kubadilishiwa mfereji uliokuwa mzima kabisa, na konekta ikaendelea kuvuja kwenye huo mpya.

Yule kijana wa bodaboda anapojaribu, huacha mwisho wa mpira wazi. Maji yakiwa na njia ya kutokea, presha kwenye kiungo huwa ndogo, na hata kiungo kibovu kinaweza kukaa kikavu. Ni bastola ikifungwa ndipo presha yote inarudi nyuma na kusukuma kwenye konekta. Tena kama unatumia maji ya tangi la juu ya nyumba, presha ni ya chini: tangi likiwa mita tatu juu ya mfereji unapata kama 0.3 ya baa tu. Siku ya mgao maji ya laini yakirudi, presha inaweza kuwa mara kadhaa ya hiyo. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, funga bastola, fungua mfereji wote, ngoja dakika kumi, kisha zungusha tishu kavu kwenye kiungo. Anayekataa jaribio hilo, mwache aende na mzigo wake.

Ile konekta ya Roysambu niliifungua nikaichungulia ndani. Washa yake, ile pete ya kuziba maji, ilikuwa ya plastiki ngumu, nyeusi na inang'aa, ukiifinya kwa kucha haibonyei wala haibaki na alama. Mdomo wa mfereji hauko laini kama kioo. Una mikwaruzo na vishimo vidogo, na raba laini ndiyo inayojibonyeza ikaviziba. Plastiki ngumu inakaa juu ya vishimo hivyo na maji yanapita chini yake. Kukaza zaidi hakusaidii, na ukitumia plaisi utaipasua nati. Nao wanaokushauri uzungushe thredi tepu wanakupotezea muda, kwa sababu kwenye kiungo cha aina hii thredi kazi yake ni kuvuta tu, kuziba ni kazi ya washa.

Hiyo "brasi" nayo. Muuzaji anabeba sumaku na kukuonyesha kwamba konekta haishikwi. Ni kweli haishikwi, lakini zinki pia haishikwi na sumaku. Chukua tupa au hata kisu, kwaruza ukingo wa nati. Brasi ni ya manjano mpaka ndani. Ile yake ilitoka kijivu cheupe chini ya rangi.

Kabla hujanunua kitu chochote, hakikisha unajua maji yanatoka wapi. Kausha kila kitu kwa kitambaa, fungua mfereji huku bastola imefungwa, kisha angalia tone la kwanza linachomoza wapi. Likitoka chini ya nati, ni washa. Likitoka pale mpira unapovaa konekta, ni klipu. Likitoka juu, kwenye shina la mkono wa mfereji, na kuteremka hadi kwenye nati, seti haina lawama. Hapo ni mfereji wenyewe unaohitaji kukazwa shina au kubadilishiwa pakingi yake.

Roysambu palivuja mahali pawili. Kwenye nati niling'oa ile plastiki kwa bisibisi ndogo, nikasafisha kiti chake na kuweka washa ya raba ya robo tatu inchi, unene wa milimita tatu, iliyonigharimu shilingi 20 dukani. Ilale bapa hadi chini. Usiweke mbili kwa pamoja, maana nati itashika thredi chache mno na itachomoka presha ikija. Kaza kwa mkono mpaka igome, kisha ongeza robo ya mzunguko, basi.

Klipu za seti yao ni utepe wa bati mwembamba unaobanwa mara moja kwa plaisi. Haukazwi tena, na unapata kutu haraka. Nilikata sentimita tatu za mwisho wa mpira, zile zilizokuwa zimeshapanuka, kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, si wa mshazari. Klipu ya skrubu inatangulia kuvaa mpira kabla ya kitu kingine. Mafundi wengi wanaisahau na kulazimika kuchomoa upya. Halafu unatumbukiza ncha ya mpira kwenye maji moto kwa dakika moja, unausukuma hadi mwisho wa mkia wa konekta, ile sehemu inayoingia ndani ya mpira, na klipu inakaa juu ya ile miduara ya mkia, kama milimita tano kutoka kwenye ncha. Kaza mpaka mpira uvimbe kidogo kando ya utepe. Ukiona utepe unazama na kukata plastiki, umepita. Mpira wa nusu inchi kwa kawaida huvaliwa na klipu iliyoandikwa 12-20 au 16-25, kulingana na unene wa ukuta wake. Pima kwa nje kwanza. Kesho yake kaza tena kidogo, kwa sababu plastiki hulegea ikishabanwa. Waya wa kufunga usitumie, unakata mpira taratibu na utapasuka usiku ukiwa umelala.

Kuna hali moja ambapo washa haitakuokoa. Baadhi ya konekta zinazoletwa kutoka nje zina thredi za Kimarekani, 11.5 kwa inchi, na mifereji yetu ya robo tatu ni 14. Ukizungusha, inaingia mzunguko mmoja au miwili kisha inakwama au inakaa upande. Usiilazimishe; utaharibu thredi za mfereji, na hapo fundi wake atakuwa amepata sababu ya kweli. Rudisha.

Wanaosema ni matone tu: ule wa Roysambu nilikinga kwa chupa ya nusu lita ikajaa kwa dakika tano. Hizo ni lita 6 kwa saa, 144 kwa siku kama mfereji umeachwa wazi na bastola imefungwa, yaani mitungi saba ya lita 20.

Kama tayari umeuziwa, mpira wenyewe si mbaya sana, usiutupe. Tupa konekta na zile klipu za bati, nunua konekta ya kweli, washa mbili na klipu mbili za skrubu. Na huyo fundi akipiga simu kuuliza kama aje, mwambie mfereji uko sawa.