Uzoefu wangu na LIATE katika integresheni kwa sehemu

Fomula yenyewe, ∫u dv = uv − ∫v du, haina tabu. Tabu iko kwenye kuamua kipi kiwe u, yaani kitofautishwe, na kipi kiende kwenye dv. Kwa uamuzi huo natumia LIATE, kanuni aliyoichapisha Herbert Kasube mwaka 1983, na naipenda kwa dhati. Herufi zake ni logarithimu, invesi za trigonometria, aljebra, trigonometria na eksponenshali. Kinachotangulia katika mpangilio huo ndicho u.

Kwenye ∫x ln x dx inafanya kazi vizuri sana. L iko mbele ya A, basi u = ln x na dv = x dx. Ukitofautisha ln x unapata 1/x, logarithimu inatoweka, kinabaki ∫(x/2) dx tu. Jibu ni (x²/2) ln x − x²/4 + C.

Kasoro yake ni kwamba inatazama aina ya fanksheni bila kuuliza kama dv ina integrali. Chukua ∫x³e^(x²) dx. LIATE inasema u = x³ na dv = e^(x²) dx, na hapo hapo unakwama: huwezi kuandika v. Usitafute mbinu zaidi, kwa sababu e^(x²) haina integrali inayoandikika kwa fanksheni za kawaida.

Katika hali hii mimi huanzia upande wa dv: ni kipande gani kikubwa zaidi ambacho integrali yake naiweza? e^(x²) peke yake hapana, lakini x·e^(x²) ndiyo, maana x ni nusu ya 2x inayotokana na kutofautisha x². Kwa hiyo naivunja x³ kuwa x²·x. Naweka u = x² na dv = x e^(x²) dx, napata du = 2x dx na v = ½e^(x²). Sasa integrali ni ½x²e^(x²) − ∫x e^(x²) dx, yaani ½(x² − 1)e^(x²) + C. Itofautishe uhakikishe: x³e^(x²) inarudi.

Kuna mahali pengine inapopotosha kimyakimya zaidi, kwa sababu v inapatikana bila shida. Katika ∫x eˣ/(x+1)² dx, LIATE inakupa u = x/(x+1)² na dv = eˣ dx. Ukitofautisha u, kipeo cha chini kinapanda hadi (x+1)³. Integrali iliyobaki ni mbaya kuliko ya mwanzo, na hiyo ndiyo dalili ya kurudi nyuma. Pindua: u = x eˣ, dv = dx/(x+1)². Hapo du = (x+1)eˣ dx na v = −1/(x+1), mabano yanafutana, kinabaki ∫eˣ dx. Jibu ni eˣ/(x+1) + C.