Nimesafisha mahojiano ya mgahawani kwa kitenga sauti cha akili mnemba: kilichofaulu na majimaji yaliyobaki

Mahojiano yalikuwa ya dakika 9, na mama mwenye mgahawa wa biriani Kariakoo, Dar es Salaam, saa saba mchana. Aliyewahi kula huko saa hiyo anajua palivyo: sahani zinagongana, mhudumu anaita jikoni, meza ya jirani wanabishana mpira. Maiki ndogo niliyombandika kwenye kanga iliishiwa chaji dakika ya 4 nami sikuona. Kuanzia hapo sauti iliyobaki ni ya maiki ya kamera tu, na kamera ilikuwa kama mita moja na nusu kutoka mdomoni mwake.

Ndipo nikakimbilia kitenga sauti kilichomo ndani ya programu yangu ya kuhariri video. Kinatumia akili mnemba, na kina kipimo kimoja tu, kuanzia 0 hadi 100. Nimekitumia wiki tatu sasa kwa kazi mbalimbali, ila kazi hii ndiyo iliyonifundisha mipaka yake.

Zile dakika 4 za mwanzo zilitoka vizuri mno. Niliweka 60, makelele yakarudi nyuma kabisa na sauti ya mama ikabaki na uzito wake. Kwenye sehemu ya maiki ya kamera, 60 ileile haikutosha, nikapandisha hadi 100. Mgahawa ukanyamaza. Kwa sekunde chache nilifurahi, mpaka nilipovaa hedifoni. Mama alikuwa kama anaongea akiwa ndani ya pipa la maji. Kila mwisho wa neno kulikuwa na kibubujiko, na katikati ya sentensi sauti ilikuwa inapwaya, mara nene, mara nyembamba.

Sababu yake inaeleweka ukijua chombo kinavyofanya kazi. Kinaikata sauti vipande vidogo vya milisekunde chache, kila kipande kinagawanywa kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, kisha kinaamua kila sehemu ibaki kwa kiasi gani. Feni na jenereta havikisumbui, kwa sababu mlio wao ni uleule na haufanani na maneno. Soga za wateja nazo ni sauti za watu: ziko kwenye masafa yaleyale ya sauti ya mama, na zinapanda na kushuka kwa mwendo uleule wa usemi. Pale sauti zinapogongana, chombo kinasitasita. Kinafungua sehemu, kinaifunga, kinaifungua tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kule kufungua na kufunga ndiko sikio linakosikia kama maji. Na mtu wa meza ya pili aliye karibu na kamera anaweza kupita kabisa: kwangu kuna mteja aliyesema "niongezee pilipili", naye akasafishwa vizuri kama ndiye mhojiwa.

Kilichonishtua zaidi ni sentensi moja. Mama alisema, kwa fahari, "Hatupiki kwa mafuta ya jana." Kwenye 100, ile "h" ya mwanzo ilimezwa pamoja na sehemu ya "a", na "i" ya mwisho ikafifia. Nilimpa mwenzangu asikilize bila kumwambia chochote, akaniambia amesikia "tupike kwa mafuta ya jana". Fikiria maneno hayo yatoke mdomoni mwa mwenye mgahawa. Herufi kama h, f, s na sh hutoka na pumzi tu, hazina nguvu, kwa hiyo ndizo zinazofanana zaidi na kelele na ndizo zinazoliwa kwanza. Katika Kiswahili ukanusho wetu unaanza na hizo hizo: ha-, hatu-, hawa-, si-. Kwa hiyo nikisafisha mahojiano siku hizi, nasikiliza kwanza kila kitenzi cha kukanusha.

Njia iliyonisaidia kujua nimezidisha ni kusikiliza kile kinachotupwa. Naweka nakala mbili za sauti, moja asilia na moja iliyosafishwa, kwenye njia mbili zilizopangana sawasawa. Hiyo iliyosafishwa naigeuza fezi, yaani mawimbi yake yanapinduliwa juu chini, kisha nazicheza pamoja. Kilicho sawa kwenye zote mbili kinafutana, kinachobaki ni kile chombo kilichokiondoa. Hakikisha tu umezima kitu chochote kinachopandisha sauti chenyewe, la sivyo hazitafutana. Kwenye 100 nilisikia nusu ya maneno ya mama kwenye takataka hizo, zile "ha" na "s" zikiwa zimelala pamoja na milio ya vijiko. Nikashuka kidogo kidogo. Kwenye 55 takataka zikawa soga za watu, na mama alisikika mara moja moja tu, kwa mbali. Hapo nikasimama.

Kwenye 55 mgahawa bado unasikika. Sikujaribu kuufuta. Nilichofanya ni kurudisha sauti asilia chini ya ile iliyosafishwa, ikiwa chini kwa desibeli 14 hivi. Soga zikijaza yale mapengo, kibubujiko hakisikiki sana, kwa sababu sikio halikutani tena na kimya cha ghafla baada ya kila neno. Mtazamaji anaona meza zimejaa watu, hatashangaa kusikia watu. Ila angalia jambo moja: kama chombo kinaichelewesha sauti hata kwa milisekunde chache, ukichanganya na asilia utapata sauti yenye uvungu, kama ya mtu ndani ya bomba. Kuza mawimbi kwenye skrini, tafuta herufi kali kama "p" au "t", na usogeze mpaka zilingane.

Mpangilio nao una maana. Mara ya kwanza nilikuwa nimeweka kompresa, ile inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kabla ya kitenga sauti, nayo ilikuwa inazipandisha soga kila mama alipopumua. Nilipoiweka baada yake, kazi ya chombo ikawa nyepesi. Na usikipe faili lililopita WhatsApp. Mteja wangu mmoja alinitumia sauti kwa njia hiyo, imeshabanwa na imeshapunguzwa kelele na simu yake, na majimaji yalikuwepo kabla sijagusa kitu. Mwombe faili kama lilivyotoka kwenye simu.

Je, nakipendekeza? Kwa feni, kiyoyozi, magari ya barabarani na umati ulio mbali, ndiyo, na nitaendelea kukitumia. Kwa mgahawa, ndiyo kama maiki iko karibu. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni inapungua takriban desibeli 6, na kelele za chumba zinabaki zilivyo. Maiki yangu ya kanga ilikuwa sentimita 20 kutoka mdomoni, kamera sentimita 150. Hakuna kipimo kwenye skrini kilichoziba tofauti hiyo.

Sentensi ya mafuta sikuipitisha kwenye chombo kabisa. Niliiacha na kelele zake zote, nikapunguza usafishaji kidogo kidogo kabla na baada yake ili mruko usisikike, nikaandika maneno yake chini ya picha. Nilipomtumia mama video, alinipigia: "Mwanangu, pale kwenye mafuta umeniandika vizuri. Wasije wakasema."