Kalkuleta ya Kariakoo na ile hasi mbele ya 3

Nina miezi minne na kalkuleta hii ya kisayansi. Nilimnunulia binti yangu alipoingia kidato cha pili, pale Kariakoo Mtaa wa Kongo. Kijana wa duka alianza na 30,000, tukapatana 22,000. Jina la kampuni siliandiki, kwa sababu nimeshika za majirani wawili za kampuni tofauti, na karibu yote nitakayosema yanazihusu hata hizo.

Mwili wake ni mzuri. Mfuniko wa kuteleza haujalegea, vitufe havigandi, na kioo kinaonyesha hesabu nzima kama ulivyoiandika daftarini, kipeo kikiwa juu mahali pake. Hilo la kioo ndilo lililoniokoa, maana wiki ya pili tu binti alitaka tuirudishe dukani.

Alikuwa amepewa swali hili tuisheni:

```
-3² + 24 ÷ (-2)³ × (5 - 7)
```

Yeye alipata 15. Kalkuleta ikasema -3. "Mama, hii mbovu," akaniambia, "ngoja nikuonyeshe." Akabonyeza (-), 3, kisha =. Ikaja -3. Akabonyeza x² na =. Ikaja 9. Halafu akafuta, akaandika -3² yote kwa mkupuo mmoja. Ikaja -9. Kifaa kimoja, namba ileile, majibu mawili. Nikakiri hata mimi ningemfuata yule kijana wa duka.

Nikamwambia arudie ile ya kwanza polepole, safari hii atazame juu ya kioo na siyo jibu. Alipobonyeza x² baada ya kupata -3, juu pakaandikwa Ans². Ans ni jibu lililotangulia, na kalkuleta inalichukua likiwa zima na hasi yake, kana kwamba limo ndani ya mabano. Kwa hiyo aliyokokotoa pale ni (-3)², yaani -3 × -3, nayo ni 9 kweli. Ile ya pili hakuweka mabano. Kipeo kimekaa juu ya 3 peke yake, hasi imebaki nje. Inapigwa 3 × 3 kwanza, ndipo hasi inavikwa: -9. Kalkuleta haikukosea hata mara moja. Tuliiuliza maswali mawili tukadhani ni moja.

Binti hakukubali upesi, naye alikuwa na haki ya kubisha, kwa sababu ukitazama tu, -3 inaonekana ni namba moja na ingefaa izidishwe kwa yenyewe. Nikamwandikia 10 - 3². Akajibu 1 bila kufikiri, yaani 10 kutoa 9. Nikafuta 10 nikaweka 0. Akasema -9. Nikafuta na ile 0, ikabaki -3². Akanyamaza. Kama kufuta sifuri kungegeuza jibu kutoka -9 kuwa 9, basi hesabu yote ingekuwa kiinimacho.

Baada ya hapo swali zima likaenda lenyewe. Ndani ya mabano, 5 - 7 ni -2. Kisha vipeo: -3² ni -9, na (-2)³ ni -8. Sasa tuna -9 + 24 ÷ (-8) × (-2). Kugawanya na kuzidisha tunakwenda navyo kutoka kushoto: 24 ÷ (-8) ni -3, na -3 × (-2) ni 6. Mwisho -9 + 6, jibu -3. Yeye aliweka 9 mahali pa -9, ndiyo maana 9 + 6 ikampa 15.

Kosa hili lina ujanja wa kujificha. Kwenye kipeo cha 3 huwezi kulibaini, kwa sababu -2³ na (-2)³ zote ni -8. Mtoto anaweza kufanya maswali kumi ya vipeo witiri, akapata vema kumi, na bado hajui mabano yanafanya kazi gani. Ukitaka kumpima mpe kipeo cha 2 au cha 4. Au mpe x² na umwambie x = -3. Akiandika -3² badala ya (-3)², umeshamkamata.

Shule ya msingi walimkaririsha MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tazama vizuri, vipeo havimo kabisa. Mtoto anafika sekondari na neno lisilo na mahali pa kuweka x², anakisia. Kipeo kinakuja mara tu baada ya mabano, kabla ya GA. Na kuna jambo nililichunguza kwa udadisi wangu tu: kutanguliza GA kabla ya ZI hakuharibu jibu, lakini kutanguliza JU kabla ya TO kunaharibu. Chukua 10 - 4 + 3. Anayejumlisha kwanza anapata 10 - 7, yaani 3. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na anayetangulia ni aliye kushoto.

Sasa lawama zangu, maana sikuja kuisifia tu. Ya kwanza: ukimaliza hesabu, kisha ukaanza mpya kwa kitufe cha kutoa badala ya kile kidogo cha (-), inajiandikia Ans yenyewe mbele. Binti alikuwa na 15 kwenye kioo, akaandika hasi 3² kwa kitufe cha kutoa, akapata 6. Ilikuwa imefanya 15 - 9. Sasa anabonyeza AC kila mara kabla ya kuanza.

Ya pili ndiyo iliyoniudhi hasa. Ukiacha alama ya kuzidisha mbele ya mabano, inabadili mpangilio. Hili hapa swali letu, limepungukiwa × moja:

```
-3² + 24 ÷ (-2)³(5 - 7)
```

Ikatoa -7.5. Imeona (-2)³ na (5 - 7) vimegusana, ikavizidisha kwanza kupata 16, ndipo ikagawanya 24 ÷ 16, ikapata 1.5, na -9 + 1.5 ni -7.5. Ya jirani mmoja, kwa maandishi hayohayo, ilitoa -3. Watengenezaji hawajakubaliana juu ya hilo, kwa hiyo dawa ni kuandika × kila mahali, au kuzungushia mabano unachotaka kitangulie.

Nikiwa kazini nikajaribu na kompyuta. Kwenye Excel, `=-3^2` inatoa 9, na `=0-3^2` inatoa -9. Huko hasi ya mwanzoni imepewa cheo juu ya kipeo, na ndivyo walivyoipanga wenyewe. Anayesahihisha kazi ya mwanawe kwa Excel aandike `=-(3^2)`.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ile -7.5. Ukienda kununua, kabla hujatoa hela andika 6÷2(1+2) ubonyeze =. Inayotoa 9 inakwenda kushoto kwenda kulia, inayotoa 1 ni kama yangu. Mimi nilirudi wiki iliyopita kumnunulia mpwa wangu, nikazijaribu tatu juu ya meza. Yule kijana akanitazama, akasema, "Mama, zote orijino, mbona unazitungia mtihani?"